Anayedaiwa ni Nani: Duka au Mwenye Duka?

Pale Lusahunga, malori ya Rusumo na Kabanga yanapopita, duka la nafaka halikosi mteja. Mzigo wenyewe mara nyingi huchukuliwa kwa mali kauli: unapokea magunia leo, unalipa ukishauza. Siku biashara inapokwama ndipo mtu anapotaka kujua anayedaiwa ni nani hasa.

Wengi husajili jina la biashara BRELA, wakachora kibao, wakaamini wana kampuni. Sivyo. Jina la biashara ni jina tu. Mbele ya sheria duka na mwenyewe ni mtu mmoja. Mdai wa milioni 8 akipata hukumu, anaweza kufuata kiwanja na pikipiki ambavyo havikuwahi kuhusika na duka.

Kampuni yenye ukomo wa hisa ni mtu mwingine. Msingi huo ulikaziwa London mwaka 1897 katika shauri la Salomon, fundi viatu aliyeigeuza biashara yake kuwa kampuni. Kampuni ilipofilisika, alionekana hawajibiki kwa madeni ya kampuni. Mahakama zetu nazo zinaufuata msingi huo.

Lakini ngao hiyo ina tundu, nalo hutobolewa na mwenyewe. Benki ikikopesha kampuni changa humtaka mkurugenzi awe mdhamini na aweke hati ya nyumba. Ukishasaini, kwa deni hilo umerudi ulikotoka. Kinachobaki kukingwa ni madeni ambayo hukuyadhamini, hasa mali kauli.

Kinga hiyo ina gharama, na gharama yenyewe iko kwenye kodi. Tuseme duka linauza milioni 10 kwa mwaka na kubakiza faida ya milioni 2. Mfanyabiashara binafsi ambaye mauzo yake hayazidi milioni 100 anaweza kutozwa kwa mauzo. Kwa mauzo ya milioni 10, akitunza kumbukumbu, hulipa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7, yaani jumla 180,000. Asipozitunza, ni 250,000. Daftari la kumbukumbu peke yake lina thamani ya shilingi 70,000.

Kampuni haina njia hiyo. Inalipa asilimia 30 ya faida, hapa 600,000. Milioni 1.4 iliyobaki ikigawiwa mwenye hisa, gawio linakatwa asilimia 10, yaani 140,000. Jumla 740,000, na bado hujamlipa mhasibu wa kuthibitisha hesabu. Ukijilipa mshahara kodi ya faida hupungua, ila mshahara nao una makato yake. Mwaka wa hasara mambo hugeuka: anayetozwa kwa mauzo bado anadaiwa 180,000 mauzo yakibaki yale yale, kampuni haina faida ya kutozwa.

Kwa duka la milioni 10 lisilokopa sana, mimi ningebaki na jina la biashara. Ningefikiria kampuni pale mali kauli inapokaribia thamani ya nyumba. Na nikishaifungua, mzigo ukishushwa, kwenye hati ya mapokezi ningehakikisha mnunuzi ameandikwa jina la kampuni, nami nasaini chini kama mkurugenzi. Hati yenye jina langu peke yake humpa mdai njia ya kusema aliniuzia mimi.