Kichwa kinachouma kila wiki: hesabu inayopigwa kwenye kaunta ya famasi

Ilikuwa Jumamosi jioni, kwenye famasi moja ya Buguruni, Dar es Salaam. Fundi cherehani wa miaka 44 aliweka noti juu ya kaunta akaomba vidonge kumi vya panadol ekstra.

"Shikamoo mama," alisema mfamasia, kijana ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanawe.

"Marahaba mwanangu. Nifanyie haraka, kichwa kinanigonga tangu asubuhi."

Mfamasia hakugeukia rafu. Aliuliza kwanza vidonge ni vya nani, kisha leo ameshameza nini. Maswali hayo humkera mteja mwenye haraka, hasa kwa dawa inayouzwa hata kwenye genge la nyanya. Lakini ndipo usalama wa dawa ya maumivu unapoanzia, kwa sababu dawa hiyo hiyo inaweza kumfaa jirani na kumdhuru yeye.

Mama alifungua mkoba. Asubuhi alimeza panadol ekstra mbili, na mchana mbili nyingine. Kwa kuwa mgongo nao unamsumbua kwa kuinamia cherehani, alikuwa ameongeza vidonge viwili vya mchanganyiko wa diklofenaki na parasetamoli alivyopewa na shoga yake, kimoja asubuhi na kimoja alasiri. Na kwa mafua ya tangu juzi, alikuwa ametumia vidonge viwili vya mafua.

Mfamasia alivigeuza vile vifungashio na kumsomesha maandishi madogo yaliyo chini ya jina kubwa la dawa. Panadol ekstra: parasetamoli miligramu 500 na kafeini miligramu 65. Kidonge cha mgongo: diklofenaki miligramu 50, parasetamoli miligramu 500. Kidonge cha mafua: parasetamoli miligramu 500 tena, pamoja na dawa ya kukausha kamasi. Majina matatu, maboksi ya rangi tatu, na dawa moja ndani ya yote.

Hesabu ikapigwa nyuma ya bahasha ya dawa. Panadol ekstra nne ni miligramu 2,000. Vidonge viwili vya mgongo vinaongeza 1,000, na viwili vya mafua 1,000. Jumla ni miligramu 4,000, na hicho ndicho kiwango cha juu kabisa cha parasetamoli kwa mtu mzima mwenye afya katika saa 24. Ni sawa na vidonge vinane vya kawaida. Vile viwili alivyotaka kumeza jioni ile vingempitisha mpaka.

"Lakini panadol haina madhara," alisema mama. "Hata mtoto anapewa."

Kauli hiyo ina ukweli, na ndiyo maana inapotosha. Kwa kipimo chake, parasetamoli ni miongoni mwa dawa salama zaidi za maumivu: haichubui tumbo, na mara nyingi ndiyo chaguo la kwanza kwa mjamzito. Tatizo lake liko kwenye ini. Sehemu kubwa ya dawa huvunjwa na kutolewa bila shida, ila sehemu ndogo hugeuka sumu, ambayo ini huizima kwa akiba yake maalumu. Dawa ikizidi, akiba huisha na sumu huanza kuua chembe za ini lenyewe. Anayekunywa pombe nyingi, asiyekula vizuri au aliyekonda sana ana akiba ndogo, hivyo mpaka wake uko chini ya ule wa wengine.

Jambo baya zaidi ni ukimya wa siku ya kwanza. Aliyezidisha parasetamoli anaweza kuhisi kichefuchefu tu, au asihisi chochote, huku ini likiharibika. Manjano ya macho na maumivu ya upande wa kulia wa tumbo huja baadaye. Dawa ya kuizima sumu hiyo ipo, na hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa nane. Kwa hiyo aliyemeza kupita kiasi anapaswa kwenda hospitali akiwa bado anajisikia mzima.

Mama alikubali kwamba panadol imetosha kwa siku ile. Akabadilisha ombi: apewe diklofenaki peke yake, maana ndiyo "yenye nguvu".

Hapo mfamasia aliuliza maswali mengine mawili, kuhusu vidonda vya tumbo na presha. Majibu yote yalikuwa ndiyo. Miaka miwili iliyopita aliambiwa ana vidonda, na kila asubuhi hunywa kidonge cha presha chenye losatani pamoja na dawa ya kukojosha. Alipopimwa pale pale, kipimo kilisoma 152 kwa 94.

Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini ni ndugu. Zote hutuliza maumivu kwa kuzuia mwili usitengeneze kemikali zinazoitwa prostaglandini. Kemikali hizo huchochea maumivu na uvimbe, lakini zina kazi nyingine pia: hulinda ukuta wa tumbo dhidi ya tindikali na husaidia damu kufika vizuri kwenye figo. Ukizizuia kwa ajili ya kichwa, umezizuia kila mahali. Kwa mwenye vidonda, hatari ni kidonda kutoka damu, na dalili yake ni choo cheusi kama lami au matapishi yenye damu. Kwa mwenye presha, dawa hizi hushikilia chumvi na maji mwilini, na presha iliyokuwa imetulia hupanda. Diklofenaki ina la ziada: ikitumiwa sana huongeza uwezekano wa shambulio la moyo na kiharusi. Na kwa anayetumia losatani na dawa ya kukojosha kwa pamoja, kuongeza dawa ya kundi hili ni kuibana figo kutoka pande tatu, hata ikaacha kufanya kazi.

"Basi nichome sindano, isipite tumboni."

Ombi hili husikika kila siku kwenye maduka ya dawa, na linahitaji jibu kamili. Sindano ya diklofenaki huingia kwenye damu, na damu hufika kwenye ukuta wa tumbo kama inavyofika kichwani. Dawa hii huharibu tumbo hasa kwa kuondoa kinga yake kutoka ndani, kupitia damu. Kugusana kwa kidonge na utumbo ni sehemu ndogo tu ya madhara. Kwa sababu hiyo hiyo, kumeza baada ya kula hupunguza kiungulia lakini hakumkingi mwenye vidonda.

Kufikia hapo mfamasia angeweza kusema rudi kesho uchukue panadol ya kawaida, na mauzo yangekuwa salama kwa usiku mmoja. Swali lililobadilisha mazungumzo lilikuwa la siku.

"Mama, wiki hii umemeza dawa ya kichwa siku ngapi?"

Alihesabu kwa vidole: Jumatatu, Jumanne, Alhamisi, jana, leo. Wiki ya nyuma yake ilikuwa hivyo hivyo, na ya nyuma yake pia. Hali hiyo ilianza tangu kazi za nguo za Idi, miezi minne iliyopita. Kabla ya hapo kichwa kilikuwa kikimuuma mara mbili tatu kwa mwezi: upande mmoja, kwa kugonga, akichukia mwanga na kusikia kichefuchefu. Hiyo ni picha ya kipandauso. Sasa kinamuuma karibu kila siku, pande zote, na huamka nacho.

Wataalamu wa magonjwa ya kichwa wanalijua tatizo hili na wameliwekea mipaka. Mtu mwenye historia ya kuumwa kichwa, anayeumwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, na ambaye kwa zaidi ya miezi mitatu ametumia dawa za maumivu kupita kiasi, anahesabiwa kuwa na maumivu yanayoletwa na dawa zenyewe. Kwa parasetamoli tupu au ibuprofeni, kupita kiasi ni siku 15 au zaidi kwa mwezi. Kwa dawa za mchanganyiko, kama zile zenye kafeini, siku 10 zinatosha. Mama huyu alikuwa kwenye siku 20 hivi. Kinachohesabiwa ni siku, hata kama kila siku alimeza vidonge viwili tu. Watu wengi wanaojitahidi kutozidisha vidonge kwa siku hawajui kwamba kuna mpaka wa pili, ule wa mwezi.

Kinachotokea ni kwamba ubongo huzoea dawa, na njia za fahamu zinazobeba maumivu huwa nyepesi kuamka. Dawa ikiisha mwilini, kichwa huuma, na mgonjwa humeza tena akiamini ugonjwa wake umerudi. Kafeini huongeza nguvu kidogo kwenye kidonge, lakini nayo ikikatika huuma kichwa, na mama huyu alikuwa ameingiza miligramu 260 siku hiyo bila kuhesabu chai.

Ushauri aliopewa ulikuwa mgumu kuupokea: aache panadol ekstra na vidonge vya mgongo. Mfamasia hakumficha kwamba siku za mwanzo kichwa kitazidi, kwa kawaida kati ya siku mbili na kumi, kabla hakijaanza kupungua. Kipandauso cha kweli kikimjia, ameze parasetamoli ya kawaida, vidonge viwili kwa pamoja, mapema maumivu yanapoanza, kwa sababu tumbo hulegea wakati wa kipandauso na dawa iliyochelewa huingia polepole. Wengi humeza kimoja wakaongeza kingine baadaye, na hapo hukosa nafuu huku siku imeshahesabiwa. Mpaka wake ni siku mbili kwa wiki. Alisisitiza pia kwamba ushauri huu ni kwa dawa za aina hii. Anayetumia kila siku tramado au kodeini asikate ghafla bila daktari.

Mama aliuliza kama si malaria. Hakuwa na homa, na malaria huthibitishwa kwa kipimo cha tone la damu. Kisha mfamasia akamtajia hali ambazo mtu haendi famasi bali hospitali moja kwa moja: kichwa kinachopasuka ghafla kwa ukali ambao hajawahi kuuona, homa pamoja na shingo kukakamaa, mdomo kwenda upande au mkono kulegea, degedege, macho kufifia, kuumwa baada ya kugongwa kichwa. Mjamzito aliyepita wiki 20, kichwa kikimuuma sana na kuona vimulimuli, huenda ana dalili za kifafa cha mimba.

Akauza pakiti moja tu ya parasetamoli ya kawaida, ya kuanza kesho, na kwenye bahasha akaandika kipimo cha presha, jina la dawa ya presha, na siku alizomeza dawa. Bahasha hiyo ni ya kumwonyesha daktari wiki inayofuata, kwa sababu mtu mwenye kipandauso cha mara kwa mara anaweza kupewa dawa ya kukizuia kisianze. Propranolo ni mojawapo, na kwa mwenye presha huweza kusaidia kotekote, ila mwenye pumu haruhusiwi. Amitriptilini kwa kiwango kidogo usiku ni nyingine. Zote huchukua wiki kadhaa kuonyesha matokeo, na daktari huamua kama zinafaa kwa kulinganisha siku za maumivu za mwezi mmoja na mwingine. Ndiyo maana mama alielekezwa aweke alama kwenye kalenda ya ukutani kazini kwake: K kwa siku kichwa kilipouma, D kwa siku alipomeza dawa.