Bunduki ya Marehemu: Soma Chuma Kwanza

Mzee akifariki, mara nyingine kabati lake huwa na bunduki ndefu ya kivita iliyofungwa kwenye gunia. Jambo la kwanza ni kuiacha palepale, mlango ufungwe, kituo cha polisi kipewe taarifa. Leseni ya silaha ni ya mtu binafsi, nayo haiachwi kwa wosia kama shamba, si kwa Sheria ya Silaha ya Kenya wala kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya Tanzania ya mwaka 2015. Ihesabiwe kuwa ina risasi hadi polisi au fundi silaha mwenye kibali aifungue na kuikagua. Yeye ndiye atakayeigeuza huku ninyi mkisoma na kupiga picha.

Tuchukue mfano wa Lii-Enfildi, bunduki ya Waingereza iliyobebwa na askari wa KAR na baadaye polisi wa akiba wa Kenya. Mwangalieni fundi anapomulika kwa tochi upande wa kulia, kwenye chuma kinachoshika kitako, nyuma ya triga. Hapo kuna mistari midogo iliyopigwa kwa nyundo. Tuseme inasomeka hivi: taji, chini yake GR, kisha B.S.A. Co, kisha 1917, kisha SHT. L.E., na mwisho III*.

GR ni alama ya Mfalme George. B.S.A. ni kiwanda cha Birmingham. Pangekuwa na ENFIELD, ingekuwa ya kiwanda cha serikali cha Uingereza. LITHGOW ni Australia, na ISHAPORE ni India, ambako taji huandamana na GRI. Mwaka ni ule wa kutengenezwa. SHT. L.E. ni Lii-Enfildi fupi, na III ni toleo lililoanza 1907. Kinyota kidogo baada yake kina uzito: kinaonyesha toleo lililorahisishwa kuanzia 1916, vita vilipodai bunduki nyingi kwa haraka.

Sasa namba. Iko mbele ya mwili wa bunduki, pale mtutu unapoingia, na inarudiwa nyuma ya mpini wa bolti. Tuseme ni M 4127. Wengi hukimbilia namba hii peke yake, na hapo ndipo wanapopotea. Kila kiwanda kilikuwa na mfululizo wake. Kikifika mwisho wa namba zake kiliongeza herufi na kuanza upya. Hivyo M 4127 ya Birmingham na M 4127 ya Enfildi ni bunduki mbili tofauti. Bila kiwanda na mwaka, namba haiwezi kutaja bunduki moja. Ziandikwe zote tatu pamoja.

Kisha zilinganishwe. Mwili ukiwa M 4127 na bolti ikasema K 882, bolti imetoka kwenye bunduki nyingine. Bunduki hizi zilikarabatiwa sana, kwa hiyo tofauti hiyo haishangazi na peke yake haithibitishi wizi. Lakini bolti hukaa kwa kipimo na mwili wake. Nafasi kati ya uso wa bolti na risasi ikizidi, ganda laweza kupasuka mlipuko unapotokea, na moto kurudi kwa mpigaji. Kipimo hicho hufanywa kwa geji na fundi, macho hayatoshi.

Alama mbili nyingine zitafutwe kwa bidii. Ya kwanza ni DP kwenye mtutu, mwilini au kwenye mti. Maana yake ni ya mazoezi ya gwaride tu: jeshi liliona haifai kupigwa. Mti hubadilishwa na hupigwa msasa, kwa hiyo DP ikitoweka kwenye kitako isitoweke akilini mwenu. Mwangalieni chuma pia. Ya pili ni mishale miwili inayoelekeana ncha kwa ncha. Mshale mmoja ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Miwili namna hiyo ni alama kwamba bunduki iliondolewa rasmi jeshini. Hiyo si leseni, lakini inaeleza jinsi ilivyofika mikononi mwa raia.

Pasiwe na haraka ya kusema kila Lii-Enfildi ni ya .303. Ishapore ilitengeneza aina ya 7.62, imeandikwa 2A au 2A1 pale pale kwenye chuma cha kitako, na magazini yake ni ya pembe zaidi. Risasi alizoacha marehemu zisiaminiwe kuwa ndizo za bunduki hiyo.

Alama zikififia, msizisugue kwa msasa wala pamba ya chuma. Chaki nyeupe iliyopakwa taratibu huzidhihirisha, na mwanga wa tochi wa pembeni hufanya kazi ileile. Picha zote, pamoja na kiwanda, mwaka na namba, zipelekwe kwa ofisa wa silaha, na uamuzi wa kuiweka, kuikabidhi au kuiharibu ungoje jibu lake.