Gemu la 1990 ndani ya kompyuta ya leo

Wing Commander, mchezo wa vita vya angani uliotolewa na kampuni ya Kimarekani ya Origin Systems mwaka 1990, uliandikwa kwa ajili ya DOS, mfumo ambao mtumiaji aliuongoza kwa kuandika amri kwenye skrini nyeusi. Kompyuta ya leo yenye Windows ya biti 64 haiwezi kuuendesha moja kwa moja. Programu za DOS zina maagizo ya biti 16, na Windows ya aina hiyo haikuwekewa sehemu ya kuyashughulikia. Faili ya mchezo ikibofywa, kinachotokea ni ujumbe wa kukataliwa tu.

Kinachotumika badala yake ni emuleta, yaani programu inayoiga kompyuta nzima ya zamani: prosesa yake, kumbukumbu yake, kadi yake ya sauti na hata DOS yenyewe. Inayojulikana zaidi kwa kazi hii ni DOSBox, ambayo hutolewa bure na ilianza kupatikana mwaka 2002. Maelezo haya yanafuata toleo lake la 0.74-3. Mchezo unapofunguliwa ndani ya DOSBox, huamini kwamba uko kwenye mashine ya enzi zake. Mambo mawili hubaki mikononi mwa mtumiaji: kuionyesha mashine hiyo mahali faili zilipo, na kuipangia kasi ya kufanya kazi.

Kazi ya kwanza ni ya folda. DOSBox inapofunguka huonyesha herufi `Z:\>`. Hiyo ni diski yake ya ndani yenye zana zake chache, na haioni chochote kilichomo kwenye diski halisi ya kompyuta. Mtumiaji ndiye anayechagua folda moja na kuipachika ili ionekane kama diski `C:` ya mashine ya kuigwa. Kwa kawaida hutengenezwa folda ya michezo yote, kwa mfano `c:\dosgames`, na ndani yake kila mchezo huwekewa folda yake. Tuseme faili za Wing Commander ziko katika `c:\dosgames\wc`. Amri zitakuwa hizi:

```
mount c c:\dosgames
c:
cd wc
wc
```

Mstari wa kwanza unapachika folda, na DOSBox hujibu `Drive C is mounted as local directory c:\dosgames\`. Wa pili unahamia kwenye diski hiyo, wa tatu unaingia katika folda ya mchezo, na wa nne unauanzisha. Majina ya folda ni bora yawe mafupi, yasiyozidi herufi 8 na yasiyo na nafasi, kwa sababu DOS haikujua majina marefu. Jina refu litaonekana limekatwa na kuishia na alama kama `~1`.

Makosa ya hatua hii hujionyesha wazi. Jibu likiwa `Illegal command: wc`, DOSBox haikuiona faili hiyo katika folda iliyopo sasa. Amri `dir` itaonyesha kilichomo, na mara nyingi itabainika kwamba mstari wa `cd` umerukwa au faili zimo ndani ya folda nyingine zaidi. Faili zilizoongezwa wakati DOSBox iko wazi huenda zisionekane mpaka zibonyezwe Ctrl na F4 pamoja.

Si vizuri kupachika diski nzima kwa kuandika `mount c c:\`. Programu iliyo ndani ya DOSBox inaweza kuandika na kufuta faili halisi katika folda iliyopachikwa, kwa hiyo inafaa ipewe eneo la michezo peke yake. Uwezo huohuo una manufaa yake: mchezo ukihifadhiwa, rekodi yake hubaki kwenye folda ya kawaida, na kunakili folda hiyo kunatosha kuhamishia kila kitu kwenye kompyuta nyingine.

Kazi ya pili, ya kasi, ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi. Wing Commander huchora picha moja, na ikimaliza huanza nyingine papo hapo bila kuangalia saa. Kadiri prosesa inavyokuwa na kasi, ndivyo vyombo vya angani vinavyokimbia. Kwenye mashine za mwaka 1990 mpango huo ulifaa, lakini prosesa za miaka michache baadaye tayari zilikuwa na kasi kuliko mchezo ulivyostahimili. Doom, mchezo wa mwaka 1993, hauna tatizo hilo kwa kuwa hupima muda kwa saa na kusonga hatua 35 kila sekunde. Kuupa prosesa yenye nguvu zaidi huifanya picha iwe laini tu, bila kuuharakisha mchezo.

DOSBox hupima kasi kwa kipimo kiitwacho `cycles`, yaani idadi ya maagizo ambayo prosesa ya kuigwa hujaribu kutekeleza katika kila milisekunde. Thamani ya 3000 ni sawa na maagizo milioni 3 kwa sekunde. Mpangilio wa kawaida ni `auto`: michezo ya aina ya zamani kama Wing Commander hupewa 3000, na ile inayotumia uwezo wa ziada wa prosesa, kama Doom, huachiwa kasi yote inayopatikana. Idadi inayotumika huandikwa juu ya dirisha la DOSBox. Ctrl na F12 huiongeza kwa asilimia 10, Ctrl na F11 huipunguza, na mchezo huendelea bila kusimama.

Kupima Wing Commander hufanywa vitani. Anga tupu huchorwa kwa maagizo machache, kwa hiyo kasi inayopendeza hapo itakuwa ndogo mno adui wanne wakitokea. Kasi ikizidi, adui hupita kama radi na kugusa kitufe kidogo tu kunakigeuza chombo kupita kiasi. Ikipungua, picha husita lakini muziki huendelea kwa mwendo wake, na hapo huongezwa `cycles`. Sauti yenyewe ikianza kukatika na kukwaruza, tatizo ni jingine: kompyuta halisi imeshindwa kuiga maagizo mengi kiasi hicho, na dawa ni kupunguza.

Tuseme mibonyezo miwili ya F12 imetoa mwendo mzuri. Idadi sasa ni 3630, na huandikwa pamoja na amri za awali katika faili ya maandishi iitwayo, kwa mfano, `wc.conf`:

```
[cpu]
cycles=fixed 3630

[autoexec]
mount c c:\dosgames
c:
cd wc
wc
```

DOSBox ikifunguliwa kwa amri `dosbox -conf wc.conf`, hupachika folda, huweka kasi na kuanzisha mchezo bila kuandikiwa kitu kingine. Kila mchezo hutengenezewa faili yake, kwa sababu idadi inayofaa mmoja haifai mwingine. Hata hivyo, hakuna idadi moja inayolingana na kila tukio ndani ya Wing Commander: vita vikubwa vitapunguza mwendo na anga tupu litauongeza, kama ilivyokuwa kwenye mashine zake za asili.