Usafishaji wa matini kabla ya kuweka faharasa
Usafishaji wa matini ni kazi ya kutoa maandishi kwenye faili za PDF au kurasa za tovuti na kuondoa menyu, vichwa vya kurasa na mistari mingine inayojirudia, ili faharasa ya kutafutia ibebe habari yenyewe tu.

Tuchukue mfano wa kijitabu cha kurasa 40 chenye kichwa "Kilimo cha Mpunga Dakawa" juu ya kila ukurasa. Anayetafuta neno "Dakawa" ataletewa kurasa zote 40, hata ile inayoeleza mbolea peke yake. Maandishi hutolewa kwa amri hii:

```
pdftotext -enc UTF-8 mpunga.pdf mpunga.txt
```

Programu hiyo huacha alama isiyoonekana mwishoni mwa kila ukurasa, na kwa alama hiyo kurasa hutenganishwa. Kisha mistari miwili ya juu na miwili ya chini hulinganishwa, namba zikibadilishwa kuwa `#` ili "Ukurasa 7" na "Ukurasa 8" ihesabiwe kuwa mstari mmoja. Unaojirudia katika zaidi ya nusu ya kurasa huondolewa. Kichwa huachwa mara moja, mwanzoni.

Ulinganisho huu usifike katikati ya ukurasa. Mbegu za mpunga TXD 85, TXD 88 na TXD 306 zote zingegeuka `TXD #` na pengine kufutwa kama namba za kurasa. Mkulima anayetafuta TXD 306 asingepata kitu.

Katika tovuti, menyu mara nyingi imo ndani ya `<nav>` na maneno ya chini ndani ya `<footer>`. Zisipokuwepo, hulinganishwa kurasa kadhaa za tovuti ileile.

Faili ya `.txt` ikitoka tupu, huenda PDF ni picha za karatasi, nayo huhitaji kwanza programu ya kutambua herufi.