Salfa Mbili Zisizofanana

Katika maabara inayopima chumvi yenye madini joto, mpimaji hudondosha thiosalfeti, tone baada ya tone, kwenye chupa ya maji yaliyogeuka buluu kwa iodini na wanga. Tone la mwisho likiingia, buluu inatoweka. Kujua matone hayo yanalingana na madini joto kiasi gani kunahitaji namba ya oksidisho.

Namba hiyo ni hesabu ya elektroni. Atomi mbili zinapochangia elektroni, tunampa zote yule anayevuta kwa nguvu zaidi. Atomi za aina moja zinagawana sawa. Ndiyo maana oksijeni huwa −2 na haidrojeni +1, na jumla ya namba zote lazima ilingane na chaji ya ioni. Katika iodeti, IO₃⁻, oksijeni tatu zinaleta −6. Chaji ni −1, basi iodini ni +5.

Mwanafunzi akikariri "oksijeni ni −2" anakwama kwenye H₂O₂. Hesabu inampa haidrojeni +2, ilhali haidrojeni ina elektroni moja tu ya kutoa! Hapo oksijeni mbili zimeshikana zenyewe kwa zenyewe, zinagawana sawa kifungo chao, na kila moja inabaki −1. Hii ndiyo peroksidi. Lakini fomula peke yake haitoshi: BaO₂ ni peroksidi kwa sababu bari haivuki +2, ila MnO₂ si peroksidi, kwani manganizi hufika +4 bila shida.

Thiosalfeti, S₂O₃²⁻, ina mtego wa namna hiyohiyo. Oksijeni zinaleta −6, chaji ni −2, kwa hiyo salfa mbili zinagawana +4, wastani +2 kila moja. Wastani huo hauoneshi kinachotokea ndani. Salfa moja iko katikati, imeshikana na oksijeni tatu. Ya pili inaning'inia pembeni, imeshikana na salfa mwenzake tu. Salfa huru ina elektroni sita za nje. Ya pembeni inahesabiwa saba, basi ni −1. Ya katikati inabakiwa na moja tu, basi ni +5. Vitabu vingine huandika −2 na +6, kwa kuichukulia salfa ya pembeni kama oksijeni iliyobadilishwa. Wastani haubadiliki.

Iodini inapokuja, kila salfa ya pembeni inatoa elektroni moja, kutoka −1 hadi 0, na mbili zinashikana kuunda S₄O₆²⁻. Wastani sasa ni +2.5, namba inayowashtua wengi, lakini ni +5, +5, 0 na 0 zilizogawanywa kwa nne.

Turudi kwenye chupa. Iodini ya iodeti inashuka kutoka +5 hadi −1, yaani inapokea elektroni sita. Kila thiosalfeti inatoa moja. Kwa hiyo iodeti moja inamaliza thiosalfeti sita, na mpimaji anagawa idadi aliyoitumia kwa sita.