Unga Huu Mweupe Ni Parasetamoli Kweli?

Parasetamoli hutengenezwa kwa kuchanganya vitu viwili: unga uitwao aminofenoli, na anhidridi ya asetiki, kimiminika kikali chenye harufu kama ya siki. Wanafunzi wa kemia katika vyuo vingi huifanya kazi hiyo maabara, na mwishowe hubaki na fuwele nyeupe juu ya karatasi ya kuchujia. Tatizo ni kwamba aminofenoli safi nayo ni fuwele zisizo na rangi, ingawa ikikaa hewani hugeuka kahawia. Ukiziangalia tu, huwezi kusema kama kitu kipya kimezaliwa au kama umerudi na kilekile ulichoanza nacho. Na tofauti yake si ndogo, kwa kuwa ya kwanza ni dawa ya maumivu na homa, ya pili hudhuru figo.

Jibu hupatikana kwa dakika chache kwa kuumulika unga huo kwa miale ya infraredi, ile miale tusiyoiona lakini tunayoihisi kama joto la jiko. Atomi ndani ya molekuli hazikutulia. Kifungo kinachoshikilia atomi mbili hucheza kama springi iliyofungwa vitu viwili nchani: springi ikiwa ngumu au vitu hivyo vikiwa vyepesi, mchezo huwa wa kasi, ikilegea au vitu vikiwa vizito, kasi hupungua. Miale yenye kasi ileile ya mchezo wa kifungo humezwa, na iliyobaki hupita. Mashine huchora grafu ya miale iliyopita, na kila palipomezwa miale pana bonde. Mahali pa bonde huandikwa kwa kuhesabu mawimbi mangapi ya miale hiyo yanaingia katika sentimita moja. Bonde la 1700, kwa mfano, maana yake ni kifungo kinachocheza mara trilioni 51 hivi kwa sekunde.

Kwa unga wetu tunahitaji kutambua makundi matatu ya atomi. Kabonili ni kaboni iliyoshikana na oksijeni kwa kifungo cha maradufu. Bonde lake ni refu na la wazi, kati ya 1650 na 1800 hivi, na mara nyingi ndilo linalovuta jicho kabla ya mengine. Haidroksili ni oksijeni iliyobeba haidrojeni. Kwa kuwa haidrojeni ni nyepesi mno, mchezo wake ni wa kasi na bonde huangukia juu zaidi, kati ya 3200 na 3600. Hata hivyo bonde hilo huwa pana, kwa sababu haidrojeni ya molekuli moja huvutwa na oksijeni ya jirani yake. Kila molekuli huvutwa kwa nguvu tofauti kidogo, kwa hiyo badala ya bonde moja jembamba tunapata mabonde mengi yaliyolaliana. Amini, yaani nitrojeni yenye haidrojeni, hutokea eneo hilohilo, ila mabonde yake huwa membamba zaidi.

Hapo kwenye amini pana jambo la kupendeza. Nitrojeni ikibeba haidrojeni mbili, vifungo vyake viwili vinaweza kurefuka kwa pamoja, au kimoja kirefuke huku kingine kikifupika. Hiyo ni michezo miwili yenye kasi mbili, na hutoa mabonde mawili yaliyosimama jirani. Ikibeba haidrojeni moja tu, mchezo ni mmoja na bonde ni moja. Isipobeba hata moja, eneo hilo halina bonde la nitrojeni kabisa. Kwa hiyo kuhesabu mabonde ni kuhesabu haidrojeni.

Sasa tuzilinganishe grafu zetu mbili. Aminofenoli ina haidroksili na nitrojeni yenye haidrojeni mbili, lakini haina kabonili. Grafu yake inaonyesha mabonde mawili membamba, moja karibu na 3340 na jingine karibu na 3280, juu ya mteremko mpana wa haidroksili. Kati ya 1650 na 1800 hakuna bonde kubwa. Anhidridi inapofanya kazi yake, haidrojeni moja ya nitrojeni huondoka na nafasi yake huchukuliwa na kipande chenye kabonili. Grafu ya parasetamoli inathibitisha mambo yote mawili kwa pamoja: yale mabonde mawili yamekuwa moja, karibu na 3325, na bonde jipya, refu, limechimbika karibu na 1655. Haidroksili haikuguswa, na bado inaonekana ikiwa pana karibu na 3160.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini kabonili hii iko chini, 1655, wakati ile ya asetoni iko karibu na 1715. Sababu ni jirani yake. Nitrojeni iliyo ubavuni huigawia kabonili sehemu ya elektroni zake, na mgawo huo hulegeza kile kifungo cha maradufu, kikacheza polepole zaidi. Ndiyo maana napenda bonde la kabonili kuliko mengine yote: halikuambii tu kwamba kabonili ipo, linakuambia pia imeshikana na nini. Kama mwanafunzi alizidisha anhidridi na moto hadi haidroksili nayo ikashambuliwa, kabonili ya pili itajitokeza karibu na 1760 na lile bonde pana la haidroksili litatoweka. Kama hakuosha fuwele zake vizuri na asidi asetiki imebaki, ataona bonde karibu na 1710.

Anayewadanganya wengi ni maji. Maabara kadhaa bado husaga miligramu moja au mbili za unga pamoja na miligramu 200 hivi za potasiamu bromidi na kuvigandamiza kuwa kidonge chembamba kinachopitisha miale. Chumvi hiyo hunyonya unyevu wa hewa, na maji yana bonde pana karibu na 3400 na jingine karibu na 1640. Tazama hatari yake: kidonge chenye unyevu kinaweza kuifanya aminofenoli ionekane ina kabonili. Bonde la maji hutambulika kwa kuwa ni fupi na limetawanyika, tena huambatana na lile kubwa la 3400, wakati kabonili ya kweli huwa miongoni mwa mabonde marefu kabisa ya grafu. Ukitilia shaka, kausha chumvi kwenye oveni na utengeneze kidonge kipya. Mashine zinazotumia kipande cha almasi, ambacho unga hukandamizwa juu yake bila kuchanganywa na chochote, zimepunguza sana usumbufu huu.

Kidonge cha dukani kina tatizo lake. Wanga na selulosi vinavyokishikilia vimejaa haidroksili, na vinaweza kuyafunika mabonde ya juu. Dawa ya hilo ni kusaga kidonge, kuloweka unga katika asetoni, kuchuja, kisha kuacha asetoni ikauke. Parasetamoli huyeyuka ndani yake, wanga hauyeyuki. Baada ya hapo grafu nzima hulinganishwa na ya parasetamoli halisi, hasa chini ya 1500, ambako kila molekuli ina mpangilio wa mabonde wa peke yake.

Grafu ikilingana, umejua kwamba unga huo ni parasetamoli, basi. Hujajua kama kidonge kina miligramu 500 zilizoandikwa kwenye pakiti. Hujajua pia kama ni safi, kwa maana viwango vya dawa huruhusu aminofenoli isiyozidi asilimia 0.005 katika parasetamoli, na kiasi hicho ni kidogo mno kuacha bonde lolote kwenye grafu. Kwa maswali hayo mawili kinahitajika kipimo kingine, kinachotenganisha vitu vilivyomo kwanza na kupima kila kimoja peke yake.