Kikao ni saa ngapi, wapi, na nije na nini?

"Ndugu wajumbe, nawakumbusha kikao chetu cha Jumamosi saa 4. Mnaombwa kufika bila kukosa na kuzingatia muda. Ahsanteni."

Barua pepe za namna hii hutumwa kila wiki na makatibu wa kamati za shule, vikundi vya akiba, misikiti, makanisa na vyama vya wazawa. Hazikosi adabu. Tatizo huanza pale mpokeaji anapoifunga simu yake na kujiuliza: Jumamosi ipi? Saa 4 za wapi? Tunakwenda kuamua jambo, au kupeana habari tu? Katibu ameandika mistari miwili, kisha siku tatu zinazofuata anapokea simu na ujumbe wa watu wanaouliza yale yale ambayo barua yake ilipaswa kuyajibu.

Tuchukue mfano wa kamati inayojenga bweni la wasichana katika shule moja ya sekondari mjini Tanga. Mwenyekiti, mhazini na mhandisi wanaishi Tanga. Mjumbe mmoja yuko Maskati, mwingine London, wote wawili waliosoma shule hiyo na sasa wanachangia ujenzi. Wakandarasi watatu wameshaleta kotesheni zao. Kilichobaki ni kumchagua mmoja, na kikao kimekubaliwa kufanyika Jumamosi tarehe 7 Novemba 2026. Ijumaa tarehe 30 Oktoba, katibu anakaa kuandika barua ya kuthibitisha. Akiiandika vizuri, itasomeka hivi:

> Mada: UTHIBITISHO: Kikao cha kuchagua mkandarasi wa bweni, Jumamosi 7 Nov 2026, saa 4:00 asubuhi (10:00)
>
> Ndugu wajumbe,
>
> Kikao chetu kimethibitishwa. Kazi yake ni moja: kuchagua mkandarasi mmoja kati ya watatu walioleta kotesheni, ili mkataba usainiwe wiki inayofuata.
>
> Siku na saa: Jumamosi, tarehe 7 Novemba 2026, saa 4:00 hadi saa 5:30 asubuhi, saa za Tanzania (10:00 hadi 11:30). Kwa aliyepo Maskati ni 11:00 hadi 12:30. Kwa aliyepo London ni 07:00 hadi 08:30.
>
> Mahali: Chumba cha walimu, jengo la utawala, ngazi moja juu kutoka chini. Siku ya Jumamosi lango la mbele hufungwa, hivyo tuingie kwa lango la upande wa uwanja wa mpira. Ukikwama, mpigie mhazini kwa namba iliyo chini ya barua hii. Walio mbali wataingia kwa kiungo cha Zoom kilichopo chini.
>
> Maandalizi: Kila mjumbe asome ukurasa wa 2 wa kiambatisho (dakika 15 zinatosha) na aniandikie maswali yake kabla ya Alhamisi tarehe 5 Novemba, saa 12:00 jioni (18:00). Mhazini alete salio la benki la tarehe 31 Oktoba. Mhandisi alete maoni yake kuhusu bati na nondo katika kila kotesheni.
>
> Tafadhali nijibu "nitakuwepo" au "sitakuwepo" kabla ya Jumanne jioni.
>
> Katibu

Ni barua ndefu kuliko ile ya kwanza, lakini haimchoshi mtu, kwa sababu kila sentensi inamwambia msomaji jambo la kufanya au la kujua.

Tazama kwanza lengo. Makatibu wengi wangeandika "kujadili ujenzi wa bweni". Kujadili hakuna mwisho. Wajumbe wanaweza kuongea saa nzima juu ya rangi ya milango, wakatoka wameridhika, na mkandarasi asiwe amepatikana. "Kuchagua mkandarasi mmoja kati ya watatu" ni kazi ambayo saa 5:30 kila mtu atajua imekamilika au la. Hapo ndipo lengo la kikao linapopimwa, na katibu akishindwa kuliandika kwa namna hiyo, mara nyingi ni dalili kwamba mwenyekiti mwenyewe hajaamua anakiita kikao kwa ajili ya nini. Ni afadhali amuulize kabla ya kutuma.

Saa ndiyo sehemu yenye mitego mingi zaidi, hasa kwetu. Mtu wa Tanga akisema saa 4 asubuhi anaeleweka na kila jirani yake. Akiandika "4:00" peke yake kwenye kalenda ya simu, simu itamwekea saa 10 alfajiri. Kijana aliyekulia London anaweza kuisoma hivyo hivyo. Dawa yake ni rahisi: andika saa kama tunavyoitamka, taja asubuhi au jioni, kisha weka kwenye mabano saa ya tarakimu 24. Wote wawili wataelewa, na hakuna atakayelazimika kuhesabu kwa vidole.

Kisha kuna tofauti za nchi. Tanzania na Kenya zinatumia saa moja. Oman iko mbele yetu kwa saa moja, ilhali Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo ziko nyuma yetu kwa saa moja. Hizo hazibadiliki mwaka mzima. Uingereza ndiyo inayowaponza watu, kwa kuwa hubadilisha saa zake mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Mwaka 2026 Jumapili hiyo ya Oktoba ni tarehe 25. Kikao cha kamati kilichofanyika tarehe 17 Oktoba saa 4 asubuhi kilimkuta mjumbe wa London saa 08:00. Kikao cha tarehe 7 Novemba, saa ile ile ya Tanga, kitamkuta saa 07:00. Akitegemea kumbukumbu ya kikao kilichopita, ataingia wenzake wameshazungumza saa nzima. Ndiyo maana katibu amemwandikia saa yake waziwazi badala ya kumwachia ahesabu mwenyewe.

Siku ya mwisho ya kutuma maswali nayo inahitaji uangalifu. Kuna wazee wa Pwani ambao kwao usiku hutangulia mchana wake: usiku wa Ijumaa ni ule unaoanza Alhamisi magharibi. Katibu angeandika "mwisho ni usiku wa Alhamisi", mmoja angefikiri ni Jumatano baada ya magharibi na mwingine angesubiri hadi siku inayofuata. Tarehe, pamoja na saa 12:00 jioni, zinamaliza ubishi huo.

Mahali huonekana ni jambo jepesi hadi mtu asimame mbele ya geti lililofungwa. Katibu hakuandika "ghorofa ya kwanza", kwa sababu wapo wanaohesabu sakafu ya chini kuwa ndiyo ya kwanza na wapo wanaoanzia juu yake. "Ngazi moja juu kutoka chini" haina maana mbili. Namba ya simu aliyoitoa si yake, maana yeye wakati huo atakuwa anafungua Zoom na kuandika mahudhurio. Kuhusu Zoom yenyewe, lipo jambo la kuangalia mapema: akaunti ya bure hukata kikao cha kundi baada ya dakika 40, na kikao hiki ni cha dakika 90. Ama mtu mwenye akaunti ya kulipia afungue kikao, ama barua iseme kwamba wajumbe wataingia tena kwa kiungo kile kile pindi kitakapokatika. Mjumbe wa Maskati asiyejua hilo atadhani mtandao wake umekufa, na huenda ndiye aliyekuwa na hoja.

Maandalizi ndiyo sehemu ambayo makatibu wengi huimaliza kwa maneno "mjiandae vizuri". Msomaji hawezi kutii agizo hilo hata akitaka. Kwenye mfano wetu, kotesheni tatu zina jumla ya kurasa zaidi ya 20, na hakuna mjumbe atakayezisoma zote kwenye simu akiwa ndani ya daladala. Katibu amekaa na mhandisi, wakatengeneza jedwali moja linaloweka bei za wakandarasi watatu ubavu kwa ubavu. Huo ndio ukurasa wa 2, na ndio pekee unaoombwa kusomwa na wote.

Faida yake inaonekana mara moja. Kwa jumla ya fedha, mkandarasi wa pili ni wa bei nafuu kuliko wenzake. Kwenye jedwali, mstari wa bati unaonyesha sababu: yeye ameweka bati za geji 30, wenzake wameweka geji 28. Geji ikiwa kubwa bati huwa jembamba, na mji kama Tanga una hewa ya chumvi inayokula mabati. Mjumbe aliyeliona hilo tangu Jumatano atamwandikia katibu swali, katibu atalipeleka kwa mkandarasi, na jibu litakuwa mezani Jumamosi. Likionekana kwa mara ya kwanza ndani ya kikao, uamuzi utaahirishwa, na bweni litasubiri kikao kingine.

Angalia pia kwamba kazi zimegawanywa kwa watu. Salio la benki ni la mhazini, tena la tarehe maalumu, ili lisiletwe la Septemba. Maoni juu ya bati na nondo ni ya mhandisi. Wengine wote wanadaiwa dakika 15 za kusoma. Barua ikisema "wajumbe walete taarifa za fedha", kila mmoja atamtegemea mwenzake.

Viambatisho vina kipimo chake. Gmail hairuhusu kutuma kiambatisho kinachozidi MB 25, na kurasa zilizopigwa picha kwa simu hufika huko haraka. Hata visipofika, mjumbe anayenunua bando la siku hatafurahi kupakua picha 20. Jedwali la ukurasa mmoja liwe faili jepesi la PDF, na kotesheni kamili ziwekwe kwenye kiungo kwa atakayezihitaji. Bei tatu za jumla zinaweza kuandikwa ndani ya barua yenyewe, zikaonekana bila kufungua chochote.

Baada ya kutuma, kazi ya katibu inakuwa ndogo. Jumanne jioni anahesabu waliojibu na kuwapigia waliokaa kimya, akijua kwamba katiba ya kamati inataka akidi fulani ili uamuzi uwe halali. Ijumaa anatuma ukumbusho mfupi. Ikiwa chumba cha walimu kimechukuliwa na mitihani, asiandike mabadiliko hayo kama jibu chini ya barua ya zamani, ambako nusu ya wajumbe hawatafika. Anatuma barua mpya yenye mada inayoanza na neno "MABADILIKO YA MAHALI", anairudia saa na tarehe ingawa hazijabadilika, na anasema waziwazi kwamba barua ya tarehe 30 Oktoba haitumiki tena.